Hundi ikirudi, barua iwe na tarehe

Mwaka jana mteja wa Kariakoo alinipa hundi ya shilingi 4,800,000 ya mabati, ikarudi benki kwa sababu akaunti haikuwa na fedha. Nilipiga simu wiki mbili, kila siku "kesho, ndugu yangu". Barua ndiyo iliyomwamsha.

Usiandike "nilipwe haraka" tu. Taja namba ya hundi, tarehe yake, benki, kiasi, siku iliyorudishwa na sababu kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya benki. Kisha mpe siku 7, ukiandika tarehe yenyewe ya mwisho, na mtake alipe taslimu au kwa akaunti, si kwa hundi nyingine.

Hatua inayofuata itaje wazi: utafungua kesi ya madai kwa utaratibu wa muhtasari, Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Humo mdaiwa hajitetei mpaka mahakama impe ruhusa, na wanaoelewa huogopa hilo. Mambo ya kumtishia polisi yaache kabisa.

Ambatanisha kivuli tu. Hundi halisi kaa nayo. Nakala yako ya barua asaini aliyeipokea, na tarehe. Wangu alilipa siku ya 5.