Kujumlisha ukurasa wa daftari la duka kutoka kwenye picha, vipimo vikiwa vimechanganyika na mistari imekatwa

Picha ya ukurasa wa daftari ikikufikia, usiguse kikokotoo kwanza. Muulize aliyeituma: anataka jumla ya nini? Mauzo ya siku, pesa iliyoingia, au madeni yaliyobaki? Ukurasa uleule hutoa majibu matatu tofauti, na mistari iliyokatwa ndiyo inayoyatofautisha. Mstari uliokatwa kwa sababu mteja amelipa deni lake bado ni mauzo. Mstari uliokatwa kwa sababu mteja aliahirisha si kitu tena. Kwa macho, mistari yote miwili ni wino juu ya wino.

Nitatumia ukurasa mmoja wa mfano wa duka la vifaa vya ujenzi: misumari, waya na bawaba. Bei za mwenye duka ni 400 kwa kilo ya misumari, 60 kwa mita ya waya, na 150 kwa jozi ya bawaba. Mwisho wa ukurasa ameandika jumla yake mwenyewe: 9,320.

Hatua ya 1: Pata picha inayosomeka

Omba picha iliyopigwa simu ikiwa juu ya daftari moja kwa moja, pembe zote nne za ukurasa zikionekana. Picha iliyopigwa kwa ubavu huzipindisha safu, na thamani ya mstari mmoja huonekana kama ya mstari wa chini yake. Mwanga wa dirisha unatosha. Fleshi hung'arisha karatasi na kufuta kalamu hafifu.

Omba pia picha ya upande wa nyuma. Wino mzito hupenya, na kistari kilichotoka upande wa pili kinaweza kuonekana kama mkato juu ya tarakimu nzima.

Usiigeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe, hata kama maandishi yataonekana makali zaidi. Mara nyingi mwenye duka huandika kwa kalamu moja na kukata kwa nyingine, siku nyingine, na tofauti ya rangi ndiyo itakayokuambia mkato ulikuja lini. Ukitaka ukali, ongeza utofauti wa mwanga na giza huku rangi ikibaki.

Hatua ya 2: Nakili kila mstari, hata uliokatwa

Hapa ndipo wengi hukimbilia. Wanasoma na kujumlisha kwa wakati mmoja, na mwisho wakipata jumla isiyolingana hawajui walisoma nini wapi. Nakili kwanza kama ilivyoandikwa, bila kubadilisha kipimo wala kurekebisha chochote. Kilichokatwa kiweke ndani ya mabano ya mraba. Ukurasa wetu unatoka hivi:

```
 1  misumari  kilo 3         1,200
 2  waya      mita 12          720
 3  bawaba    dazeni 1         900
 4  misumari  kilo 2½        1,000
 5 [waya      mita 20        1,200]
 6  bawaba    jozi 4           600   D
 7  misumari  gramu 750        300
 8  waya      roli ½         1,500
 9  misumari  kilo [7] 1     [2,800] 400
10  bawaba    dazeni 2       1,800
11 [waya      mita 15          900]  D
```

Herufi D pembeni ni alama ya deni. Kila mwenye duka ana alama zake, kwa hiyo uliza maana yake, usikisie.

Namba za mistari ni zako, na zinafuata mpangilio wa karatasi. Usipange upya kwa bidhaa katika hatua hii, kwa sababu utahitaji kurudi kwenye picha na kidole chako kitue mahali palepale.

Angalia pia nukta. Kuna wanaoandika elfu moja na mia mbili kama 1.200, kisha kwenye safu ya kiasi wakaandika 2.5 kwa maana ya mbili na nusu. Ukiingiza 1.200 kwenye lahajedwali jinsi ilivyo, inaweza kusomwa kama moja na sehemu ndogo, na jumla ikapungua bila wewe kuona.

Hatua ya 3: Amua hali ya kila mkato

Kwenye ukurasa huu kuna mikato ya aina tatu.

Mstari wa 9 ni sahihisho. Ni tarakimu tu zilizokatwa, jina la bidhaa limeachwa, na pembeni kuna tarakimu mpya. Unachukua mpya na kuiacha ya zamani. Shida ni kwamba 1 na 7 za mkono hufanana, na ile iliyokatwa inaweza kuwa ndiyo 1. Safu ya thamani inaamua: 400 gawanya kwa bei ya 400 ni kilo 1, na 2,800 gawanya kwa 400 ni kilo 7. Kiasi na thamani vimesahihishwa pamoja, basi hakuna utata. Lingekuwa limesahihishwa moja tu, ningeuandika mstari huo pembeni kwa ajili ya kumuuliza mwenyewe.

Mstari wa 11 umekatwa kwa kistari kimoja kilichonyooka, una D, na kalamu ya kukata si ile ya kuandikia. Hilo ni deni lililolipwa. Ni mauzo, linaingia.

Mstari wa 5 umekatwa kwa mkwaruzo wa kwenda na kurudi kuanzia jina hadi thamani, kwa kalamu ileile, na hauna D. Hayo ni mauzo yaliyofutwa. Hayaingii, lakini mstari unabaki kwenye nakala yako.

Hatua ya 4: Rudisha vipimo kwenye kipimo kimoja

Kila bidhaa ichague kipimo chake cha msingi: misumari kwa kilo, waya kwa mita, bawaba kwa jozi. Gramu 750 ni kilo 0.75, hilo halina mjadala. Dazeni na roli ndizo zinazohitaji kufikiriwa.

Dazeni ni 12, lakini 12 ya nini? Bawaba moja moja au jozi? Rudi kwenye thamani. Dazeni 1 imeuzwa 900, na jozi ni 150, kwa hiyo ni jozi 6, yaani bawaba 12. Mstari wa 10 unakubaliana: dazeni 2 kwa 1,800 ni jozi 12.

Roli nayo haina urefu wa kudumu, kwani viwanda hufunga kila kimoja kivyake. Nusu roli imeuzwa 1,500. Gawanya kwa 60, unapata mita 25, kwa hiyo roli nzima ingekuwa mita 50. Njia hii inategemea jambo moja: kwamba bei ya roli ni sawa na bei ya mita mara urefu wake. Kama mwenye duka humpunguzia anayenunua kwa wingi, mita 25 hizo zitakuwa pungufu kuliko ukweli. Kwa jumla ya pesa haidhuru kitu, lakini kwa hesabu ya stoo inadhuru. Lebo ya roli ikiwepo, iamini hiyo kabla ya mgawanyo wako.

Hatua ya 5: Weka kwenye lahajedwali

Safu ni nane: A namba ya mstari, B bidhaa, C kiasi kilichoandikwa, D kipimo, E kizidisho, F kiasi cha msingi, G thamani, H hali. Kwa hali tumia maneno matano tu: sawa, sahihishwa, deni, lipwa, futwa. Mstari wa 7, kwa mfano, unakuwa na 750 kwenye C na 0.001 kwenye E. Mstari wa 8 una 0.5 na 50.

```
=C2*E2
=SUMIFS(G2:G12,H2:H12,"<>futwa")
=SUMIFS(G2:G12,H2:H12,"deni")
=SUMIFS(F2:F12,B2:B12,"waya",H2:H12,"<>futwa")
```

Ya kwanza inakwenda kwenye F2 na kuburutwa hadi F12. Ya pili ni mauzo yote, ya tatu ni madeni yaliyobaki, ya nne ni kiasi cha waya kilichotoka. Usijumlishe safu ya F yote kwa pamoja. Kilo ukiziongeza na mita na jozi utapata namba, ila haitakuwa na maana.

Mauzo yanatoka 9,320. Deni lililobaki ni mstari wa 6 peke yake, 600. Pesa iliyoingia ni 8,720.

Hatua ya 6: Hakiki kwa njia ya pili

Jumla yetu imelingana na ya mwenye duka, lakini na yeye anaweza kukosea. Hakiki kwa kiasi mara bei. Misumari: 3, 2.5, 0.75 na 1 ni kilo 7.25, mara 400 ni 2,900. Waya: 12, 25 na 15 ni mita 52, mara 60 ni 3,120. Bawaba: jozi 6, 4 na 12 ni 22, mara 150 ni 3,300. Ukijumlisha hizo tatu unarudi kwenye 9,320. Hapo ndipo pia 2½ ya mstari wa 4 inapothibitika. Kwenye picha hafifu watu huisoma 21, na kilo 21 haziwezi kuuzwa 1,000. Nusu roli kwa uhakiki huu haikuthibitisha kitu, maana mita zake tulizitoa kwenye thamani yenyewe.

Jumla zikipishana, chukua tofauti na uitafute kwanza kama ilivyo kwenye ukurasa. Tuseme umepata 8,420. Tofauti ni 900. Mistari yenye 900 ni miwili, wa 3 na wa 11, lakini wa 3 tayari umo kwenye jumla yako, basi uliouacha ni wa 11: umelichukulia deni lililolipwa kama limefutwa. Tofauti ikiwa 2,800, umejumlisha na ile tarakimu iliyokatwa ya mstari wa 9.

Isipopatikana namba hiyo popote, igawanye kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Ukiisoma 720 ya mstari wa 2 kama 270, jumla inakuwa 8,870 na tofauti ni 450, ambayo ni 9 mara 50. Lakini anza na utafutaji wa namba yenyewe, kwa sababu 900 nayo inagawanyika kwa 9 na ingekupeleka kusikohusika.

Kuna kitu kimoja uhakiki huu haukithibitishi: hali ya mkato. Mita 20 mara 60 ni 1,200 sawasawa, iwe mstari wa 5 ulifutwa au haukufutwa. Tunachoegemea ni umbo la mkwaruzo, rangi ya wino, na ukweli kwamba mwenye duka hakuuhesabu kwenye jumla yake; angeuhesabu, angeandika 10,520. Kwa hiyo ninapotuma majibu naandika mauzo 9,320, deni 600, pesa iliyoingia 8,720, na chini yake: "Mstari wa 5, waya mita 20, nimeuchukulia kuwa umefutwa. Thibitisha kama waya ulibaki dukani."