Kabla Hujatuma Kichwa cha Mada: Namna ya Kumwahidi Msikilizaji Faida Moja Atakayoondoka Nayo

Waandaaji wa semina hutaka kichwa cha mada mapema, mara nyingi mtoa mada hajaandika hata ukurasa mmoja. Simu inaita: "Tunachapa ratiba, mada yako inaitwaje?" Mtu anajibu kinachomjia mdomoni, umuhimu wa kitu fulani, changamoto na fursa zake. Maneno hayo yanaingia kwenye ratiba, yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na tangu hapo ndiyo yanayoamua nani atafunga safari na nani ataendelea na shughuli zake. Kichwa kinahitaji kuandaliwa kabla ya simu hiyo.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Afisa mifugo amealikwa kuzungumza na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika ukumbi mmoja wa Tanga mjini. Amepewa dakika 40. Wasikilizaji watatoka Pongwe, Muheza, wengine Maramba. Kichwa chake cha kwanza ni hiki: "Umuhimu wa Usafi katika Uzalishaji wa Maziwa Bora: Changamoto na Fursa kwa Wafugaji Wadogo." Hakuna neno la uongo hapo. Tatizo ni kwamba mfugaji akikisoma haoni atafanya nini kesho ambacho leo hawezi. Usafi anaujua, na umuhimu wake ameshahubiriwa sana.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kushika kalamu, ni kujua msikilizaji anapoteza nini sasa hivi. Hili halipatikani kwa kukaa ofisini. Afisa wetu aende kituo cha kukusanyia maziwa asubuhi, asimame pembeni aangalie. Mpokeaji anachota maziwa kidogo, anachanganya na spiriti kwa kiasi sawa, anatikisa. Maziwa mazuri yanateremka laini kwenye kuta za kichupa. Yaliyoanza kuchachuka yanaacha chembechembe, na dumu linarudi kwa mwenyewe. Mama mmoja anasimama na dumu lake, anamwambia afisa: "Mwanangu, ya asubuhi nimekamua mwenyewe, mazuri kabisa. Nimeyamimina juu ya yale ya jana jioni, yote yamekataliwa." Hapo ndipo mada ilipo. Pwani usiku ni wa joto, asiye na friji analaza maziwa ya jioni kwa kubahatisha, kisha yakiharibika yanakwenda na ya asubuhi. Hasara ni ya makamuo mawili, na sababu ni moja.

Jambo la pili ni kuiandika ahadi kama sentensi ya kawaida, kabla ya kuigeuza kichwa. Mimi hutumia umbo hili: baada ya kunisikiliza, fulani ataweza kufanya jambo fulani, ili apate kitu fulani. Uzito wote uko kwenye kitendo kinachofuata "ataweza". Kiwe kitendo kinachoonekana kwa macho. Kuelewa, kufahamu na kuhamasika havifai, kwa sababu hakuna anayeweza kutoka ukumbini akajipima kama amepata. Kupima, kutenga, kuchagua, kujaza fomu, hivyo vinafaa. Afisa anaandika: "Baada ya kunisikiliza, mfugaji asiye na friji ataweza kutunza maziwa ya jioni yasiharibike hadi asubuhi, ili yapokewe kituoni."

Sentensi inapendeza, na wengi wangeishia hapo. Lakini jambo la tatu ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: ijaribu ahadi kama mtu anayetaka kuipinga. Je, mtoa mada anaweza kuitimiza kwa maarifa aliyonayo na muda aliopewa? Kuweka chombo cha maziwa ndani ya maji kunasaidia, ila maziwa hayawezi kupoa kuliko maji yenyewe, na maji ya pwani hayana baridi ya kutosha kuyahifadhi usiku kucha kwa uhakika. Ahadi ya kwanza imeanguka. Vipi ile ya "yapokewe kituoni"? Nayo haimo mikononi mwake. Kituo kinapima pia uzito wa maziwa kwa laktomita ili kujua kama yameongezwa maji, na yanaweza kukataliwa kwa sababu nyingine ambazo mada hii haizigusi. Mfugaji atakayeahidiwa kwamba dumu lake halitarudi tena, kisha likarudi wiki inayofuata, atakumbuka jina la aliyemwahidi.

Kinachobaki ni kidogo lakini kinashikika. Kipimo kile kile cha spiriti kinaweza kufanywa nyumbani alfajiri, kabla ya kumimina chombo kimoja ndani ya kingine. Kinahitaji spiriti ya nguvu ile ile inayotumika kituoni, kwa kawaida asilimia 68 hadi 70, na kichupa cha kioo. Hiki kinafundishika ndani ya dakika 40, tena kwa vitendo. Ahadi inaandikwa upya: "Baada ya kunisikiliza, mfugaji asiye na friji ataweza kupima maziwa ya jioni nyumbani, ili ajue kama ayachanganye na ya asubuhi au ayatenge." Imepungua ukubwa. Sasa ni ya kweli, na yule mama aliyerudishiwa dumu angeifungia safari.

Kabla ya kwenda mbele, itafute "na" inayounganisha faida mbili. Kishawishi ni kikubwa. Afisa anajua mengi kuhusu ugonjwa wa kiwele, lishe ya wakati wa kiangazi, bei, vikundi vya ushirika, na anaona kichwa chembamba kitamfanya aonekane anajua machache. Atakapoongeza "na kukinga ugonjwa wa kiwele", wenye ng'ombe mgonjwa watakuja kwa ajili ya hilo, watapata dakika tano, wataondoka na kinyongo. Ugonjwa huo unaweza kutajwa ndani ya mada, tena ni lazima utajwe, maana maziwa ya ng'ombe mwenye kiwele kibovu, au ya dang'a, yaani ya siku za kwanza baada ya kuzaa, yanaweza kushindwa kipimo cha spiriti hata kama yamekamuliwa muda huo huo. Mfugaji asipoelezwa hivyo atalaumu joto la usiku bure. Lakini hilo linatajwa kwa sababu linaitumikia ahadi. Halina haja ya kuwa ahadi ya pili.

Sasa ndipo kichwa kinagawanywa. Kichwa kikuu kibebe faida, kwa sababu mahali pengi ndicho pekee kitakachoonekana: ratiba ya ukurasa mmoja haina nafasi ya mistari miwili, na mshereheshaji mwenye haraka husoma mstari wa juu tu. Kichwa kidogo kiseme yale ambayo msikilizaji atayauliza mara moja: ni kwa ajili ya nani, na kwa njia gani. Kisirudie cha juu kwa maneno mengine. Afisa anafika hapa:

"Jua Kama Maziwa ya Jioni Yafaa Kuchanganywa na ya Asubuhi"
"Kipimo cha spiriti cha nyumbani kwa mfugaji asiye na friji"

Angalia kazi ya kila kipande. "Jua kama" inaonyesha kuwa atakachopata ni uamuzi, wala si dawa ya kuzuia maziwa kuharibika. "Nyumbani" inamwambia kwamba atajua kabla ya kutoa nauli. "Asiye na friji" inampa mwenye friji ruhusa ya kubaki kwake bila kinyongo, na hilo nalo ni heshima kwa muda wa mtu. Baadhi ya waandaaji huogopa maneno yanayopunguza watu. Naona afadhali viti 30 vyenye wenye shida hiyo kuliko 80 ambavyo nusu yake wanangoja chakula.

Wengine wangependelea swali, "Kwa Nini Maziwa Yako Yanarudishwa?" Swali linavuta macho, ila halisemi kama jibu litakuwa la mtaalamu au la mfugaji, wala kama mtu ataondoka na sababu tu au na la kufanya. Na vichwa vya "siri" mimi siviwezi. Ukisema una siri, umemficha msikilizaji kitu kile kile ambacho angekitumia kuamua aje au asije.

Kisha kisome kwa sauti, kwa pumzi moja, kama atakavyokisoma mshereheshaji. Ukikwama, naye atakwama. Jitumie pia kwenye simu yako uone maneno yanayojitokeza kwenye taarifa ya juu kabla ujumbe haujafunguliwa. Hapo "Jua kama maziwa ya jioni" yanaonekana, na yanatosha kumfanya mfugaji afungue. Kichwa cha zamani kingeonyesha "Umuhimu wa usafi katika".

Jaribio la mwisho linataka mtu asiye wa fani yako, awe miongoni mwa wale unaotaka waje. Mpe karatasi asome mara moja, ichukue, halafu muulize: "Shikamoo mama. Ukienda kwenye semina hii, utarudi na nini?" Usimsaidie kujibu. Akisema "mambo ya maziwa", kichwa hakijafika. Akisema "nitajua ya jana niyachanganye au niyaweke pembeni", kimefika. Sikiliza zaidi akiongeza kitu ambacho hukukikusudia. Akisema "basi hawatanirudishia tena", ujue kuna neno linaloahidi kupita kiasi, na ni kazi yako kulitafuta, hata kama mama wa watu amefurahi.

Kichwa kikishatulia, mada nayo ifuate. Afisa afungue maandalizi yake na kuuliza kila sehemu inaisaidiaje ile ahadi. Historia ya ufugaji na takwimu za nchi nzima zitoke. Dakika zilizopatikana ziende kwenye kipimo chenyewe: spiriti, vichupa vya kioo vya kutosha ili watu wapime kwa mikono yao, maziwa ya jana jioni yaliyolala bila friji, na ya asubuhi hiyo, yote yakiwa yameandikwa alama. Kama ukumbi haumruhusu kuleta vitu hivyo, kichwa kibadilishwe kabla ratiba haijachapwa, kwa hiyo aulize mapema mwisho wa kufanya mabadiliko ni lini.

Akituma, atume mistari yote miwili kwa maandishi, si kwa mdomo kwenye simu, na aombe kuona ratiba kabla haijachapwa. Waandaaji wana mazoea ya kukirekebisha kichwa ili kifanane na vingine, na "Umuhimu wa" hurudi kirahisi sana. Aangalie hasa kama "asiye na friji" bado ipo. Ndiyo huondolewa kwanza.