Kukagua mapato karibu na mwisho wa mwaka: jinsi ya kupima kama mauzo yameandikwa katika kipindi chake

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mkaguzi mwenzangu kukamilisha faili la kampuni moja ya Dar es Salaam inayouza saruji mikoani. Hesabu za kampuni hiyo zilifungwa tarehe 31 Desemba 2024. Risiti za EFD zilikuwepo, ankara zilikuwepo, na wanunuzi walikuwa wamelipa. Hata hivyo, sehemu ya mauzo ya Desemba ilikuwa ya Januari. Takwimu nitakazotumia nimezirahisisha ili hesabu ifuatike, ila mtiririko wa kazi ni ule ule.

Hatua ya 1: Soma masharti ya mauzo kabla ya kugusa ankara

IFRS 15, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2018, inataka mapato yatambuliwe pale udhibiti wa bidhaa unapohamia kwa mnunuzi. Kwa muuzaji wa saruji, swali linakuwa jepesi kulisema: mzigo ukiharibika njiani, hasara ni ya nani, na ni lini mnunuzi anaweza kuufanyia atakalo? Kampuni tuliyoikagua ilikuwa na wanunuzi wa aina mbili. Wapo waliotuma malori yao wenyewe kupakia kiwandani, na kwa hao udhibiti ulihama getini. Wengine, hasa wa Mbeya, walipelekewa mzigo kwa malori yaliyokodiwa na kampuni, na mkataba ulisema kwamba mzigo ni wa muuzaji hadi utakapopokelewa kwenye ghala la mnunuzi.

Tenganisha makundi haya mawili tangu mwanzo. Ukiyachanganya katika sampuli moja, mauzo ya getini, ambayo kwa kawaida hayana tatizo, yatafunika mauzo ya mikoani yenye tatizo.

Hatua ya 2: Andika hatari unayoijibu

ISA 240 inamtaka mkaguzi achukulie kwamba utambuaji wa mapato una hatari ya udanganyifu, na akiona kwamba dhana hiyo haifai kwa kampuni husika, aandike sababu. Uliza nani ananufaika Desemba ikionekana nzuri. Bonasi ya idara ya mauzo ikikokotolewa kwa ankara zilizotolewa hadi tarehe 31, basi hatari yako kubwa ni mauzo kuwahishwa, na kazi yako ielekee huko.

Hatua ya 3: Chagua dirisha la siku kwa kufuata safari ya mzigo

Mafaili mengi hurithi dirisha la siku tano kabla na siku tano baada ya mwisho wa mwaka, kwa sababu tu mwaka uliopita ilikuwa hivyo. Mimi siikubali njia hiyo. Dirisha litokane na muda mrefu zaidi ambao mzigo hukaa njiani, pamoja na siku za ziada za kuharibika kwa gari na kusubiri kushusha. Ikiwa lori la Mbeya huchukua siku mbili hadi nne, basi anza angalau siku saba nyuma.

Hatua ya 4: Pima kwa pande mbili

Ili kugundua mauzo yaliyowahishwa, anza kwenye leja ya mauzo ya Desemba na urudi nyuma hadi kwenye hati ya mzigo kupokelewa. Kugundua mauzo yaliyocheleweshwa kunahitaji njia ya kinyume: anza kwenye daftari la geti la Desemba na usonge mbele hadi kwenye leja. Orodha ya upande huu wa pili iombe kwa walinzi au kwa mtunza ghala, kamwe usiiombe kwa idara ya mauzo, kwa maana orodha iliyotoka kwenye mfumo wa mauzo haiwezi kukuonyesha mzigo ambao mfumo huo haukuuandika.

Ukihudhuria kuhesabu akiba ya bidhaa tarehe 31 Desemba, nakili namba ya mwisho ya hati ya kupelekea mzigo iliyotumika siku hiyo, na uandike namba za malori yote yaliyosimama uwanjani yakiwa yamepakiwa. Lori lililopakiwa lisilotoka ndilo husahauliwa zaidi: wahesabuji huliacha wakidhani limeshauzwa.

Hatua ya 5: Thibitisha tarehe ya kupokelewa

Hapa ndipo saa nyingi zilipoishia, na hapa ndipo ninakuomba usiharakishe.

Hati ya kupelekea mzigo huchapishwa kiwandani siku ya kupakia, kwa hiyo tarehe iliyochapwa juu yake ni ya kuondoka. Mfumo wa kampuni ulichukua tarehe hiyo hiyo na kuandika mauzo, na risiti ya EFD ikatolewa wakati huo huo kwa sababu mzigo ulihitaji kusafiri ukiwa na risiti. Mkaguzi akilinganisha ankara, risiti ya EFD na tarehe iliyochapwa, ataona tarehe tatu zinazokubaliana na atahitimisha kwamba hakuna kosa. Kumbe zote tatu zimetoka chanzo kimoja, na hakuna hata moja inayoeleza lini mzigo ulifika.

Tarehe unayoihitaji ni ile iliyoandikwa kwa mkono na mpokeaji, pamoja na sahihi na muhuri, kwenye nakala iliyorudishwa na dereva. Tatizo ni kwamba wapokeaji wengi husaini bila kuandika tarehe. Nakala isiyo na tarehe haithibitishi kitu chochote kuhusu kipindi, hata kama ina mihuri mitatu, na usikubali tarehe iongezwe baadaye na karani wa kampuni mbele yako. Angalia pia kama tarehe za nakala kadhaa zimeandikwa kwa mwandiko mmoja na wino mmoja ilhali wapokeaji ni tofauti.

Pale tarehe inapokosekana, tafuta ushahidi uliotengenezwa na mtu asiye na maslahi katika mauzo hayo. Ninaoutegemea zaidi ni tiketi ya mizani ya barabarani. Lori la Dar es Salaam linaloelekea Mbeya hupita mizani ya Vigwaza, mkoani Pwani, na tiketi yake huonyesha namba ya gari, tarehe na saa. Lori lililopimwa Vigwaza jioni ya tarehe 31 Desemba, likiwa bado na mamia ya kilomita mbele yake, haliwezi kuwa lilishusha Mbeya ndani ya mwaka huo. Angalizo ni kwamba tiketi hiyo inaweza kukanusha kufika, lakini haiwezi kukuthibitishia kufika. Lori lililopita Vigwaza tarehe 28 bado linaweza kuwa liliharibikia njiani.

Baada ya hapo nenda kwa mmiliki wa malori. Ankara yake ya usafirishaji kwa kawaida huambatanishwa na karatasi ya safari, na malori mengi yana vifaa vya kufuatilia mwendo ambavyo taarifa yake huonyesha gari lilisimama wapi na lini. Mwisho, mwandikie mnunuzi. Usimwombe athibitishe salio la deni pekee, bali muulize pia ni mizigo ipi aliyoipokea baada ya tarehe 31 Desemba. Mnunuzi anapokubali salio pungufu kuliko la leja, na tofauti ikawa sawa na mizigo iliyokuwa njiani, hiyo si tofauti ya kuelezwa na kufungwa. Ndilo kosa lenyewe unalolitafuta.

Huenda ukaambiwa kwamba mnunuzi aliomba mzigo wake ubaki ghalani kwa muuzaji. IFRS 15 inaruhusu mapato katika hali hiyo, lakini kwa masharti: pawe na sababu ya kweli ya kuuacha mzigo, mzigo utambulike peke yake kuwa ni wa mnunuzi huyo, uwe tayari kuchukuliwa, na muuzaji asiweze kuutumia au kumpa mtu mwingine. Mifuko ya saruji iliyo kwenye rundo moja na mifuko mingine inashindwa sharti la pili papo hapo.

Hatua ya 6: Linganisha tarehe kwa Ekseli, kwa tahadhari

Weka tarehe ya leja kwenye safu ya D na tarehe ya kupokelewa kwenye safu ya F, kisha tumia:

```
=IF(COUNT(D2,F2)<2,"Kagua",IF(AND(D2<=DATE(2024,12,31),F2>DATE(2024,12,31)),"Imewahishwa",""))
```

Usiondoe sehemu ya `COUNT`. Bila hiyo, kisanduku kitupu cha F huhesabiwa kuwa sifuri, na mzigo usio na tarehe hupita kama safi. Vilevile, tarehe ya leja iliyohifadhiwa kama maandishi huhesabiwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote, hivyo mstari huo hutoweka kimya kimya katika matokeo.

Hatua ya 7: Soma hati za kupunguza deni za Januari na Februari

Zisome zote, si sampuli. Tafuta zile zinazofuta ankara ya Desemba kikamilifu na kufuatiwa na ankara mpya ya kiasi kile kile.

Hatua ya 8: Pima ukubwa wa kosa

Sampuli ilipoonyesha makosa kwa mizigo ya Mbeya, tulikagua malori yote ya njia hiyo yaliyoandikwa ndani ya dirisha. Yalikuwa 14, na 9 yalipokelewa Januari. Kila lori lilibeba mifuko 600 ya kilo 50, kwa bei ya shilingi 14,000 bila VAT na gharama ya shilingi 11,200. Kwa hiyo mifuko 5,400 ilikuwa imeuzwa mapema: mapato yalizidi kwa shilingi 75,600,000, gharama ya mauzo ilizidi kwa shilingi 60,480,000, akiba ilipungua kwa kiasi hicho hicho cha gharama, na faida kabla ya kodi ilizidi kwa shilingi 15,120,000.

Wengi hurekebisha mapato na wadaiwa, kisha husahau akiba. Mzigo uliokuwa barabarani ulikuwa bado mali ya kampuni, na kwa kuwa haukuwa ghalani, hakuna aliyeuhesabu. Kwa upande mwingine, usiguse VAT. Ankara na risiti ya EFD vilishatolewa Desemba, na kwa sheria ya VAT ya Tanzania Bara kodi huanza kudaiwa kwa lile linalotangulia kati ya ankara, malipo na kutolewa kwa bidhaa. Shilingi 13,608,000 zinabaki kuwa deni la kodi la Desemba hata kama mapato yanahamia Januari.

Kisha rudi kwenye mwanzo wa mwaka. Ikiwa utaratibu huu ulikuwepo pia Desemba 2023, basi baadhi ya mauzo ya Januari 2024 yalimezwa na mwaka uliotangulia. Tukichukulia kwamba malori 7 ya aina hiyo yalikuwa njiani wakati huo kwa bei ile ile, mapato ya 2024 yalikosa shilingi 58,800,000, na kosa halisi katika mapato ya mwaka ni shilingi 16,800,000 tu, ingawa mapato yasiyostahili ndani ya wadaiwa wa tarehe 31 Desemba 2024 ni yale yale 75,600,000. Mwandikie menejimenti takwimu zote mbili, na upime kila moja kwa kiwango chako cha umuhimu, kwa sababu kosa linaloonekana dogo kwenye mapato linaweza kuwa kubwa kwenye mizania. La mwaka uliopita likiwa kubwa, IAS 8 inataka takwimu linganishi zirekebishwe, badala ya tofauti yote kuingizwa katika mwaka huu.