Somo: Kuonjesha kinywaji kipya dukani, na kujua kama kweli kimeuza

Swali la kama kuonjesha kunalipa limeulizwa mno humu, kwa hiyo naliandika mara moja. Mfano wangu ni juisi ya rosela, chupa ya mililita 300, kwenye supamaketi za Dar es Salaam.

1. Pata ruhusa ya meneja kwa maandishi. Juisi iwe na alama ya TBS.

2. Weka meza karibu na rafu yenye juisi yako. Anayeonja mlangoni, akifika kwenye rafu ameshasahau jina.

3. Weka wahudumu wawili, mmoja wa kumimina na mwingine wa kuongea na mteja na kumpa chupa mkononi. Kikombe cha mililita 30 kinatosha, yaani chupa moja watu kumi.

4. Pima mauzo. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa sababu wanahesabu chupa za siku ile tu. Anza wiki mbili kabla, na chagua duka la pili linalofanana na la kwanza ambalo hutaonjesha. Kila wiki, chukua chupa ulizoanza nazo, jumlisha zilizoletwa, toa zilizobaki na zilizovunjika. Tuseme duka la kwanza huuza 20 kwa wiki na la pili 18. Wiki ya kuonjesha la kwanza linauza 65, la pili 27. La pili limepanda kwa nusu bila kuonjesha, labda mishahara imetoka. Basi hata la kwanza lingefika 30 lenyewe, na kazi yako imeleta 35, si 45. Endelea kuhesabu wiki nne zaidi, maana faida ya chupa 35 mara nyingi haifikii posho ya wahudumu. Wanaorudi kununua ndio wanaolipa gharama.

Angalizo: chupa za kuonjesha zitoke kwenye boksi lako. Zikitoka kwenye rafu, zitahesabika kama zimenunuliwa.

MASWALI

Kijana wa Tegeta: Mkuu, meza niweke wapi?
Jibu: Hatua ya 2.

Kijana wa Tegeta: Mimi niliuza 80 siku moja, hizo hesabu za nini?
Jibu: Wiki iliyofuata uliuza ngapi? Kama hujui, hujapima.

Mama Nuru: Nina duka moja tu, nilinganishe na nini?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Muombe meneja mauzo ya juisi nyingine ya bei kama yako, humo humo dukani, kwa wiki zilezile. Ikipanda nayo, ni wateja wameongezeka. Ila isiwe ya rosela, kwani wateja wako watakuwa wametoka kwake, nayo itashuka.

Mama Nuru: Asante. Na barafu?
Jibu: Zika chupa kwenye barafu, usitie barafu kikombeni. Ikiyeyuka, mteja anaonja juisi nyepesi kuliko atakayonunua.