Kuediti vidio kwenye laptopu ya zamani: softwea gani, na proksi zinatengenezwaje

Wiki iliyopita binamu yangu kaniletea laptopu yake, i5 ya kizazi cha 4, RAM 4, hadi diski ile ya kuzunguka, anataka kuediti vidio ya sendofu ya dada yake. Klipu kama 40 za simu, zote 1080p, jumla karibu saa nzima. Akiplei inakwama, sauti inaenda picha imeganda. Swali lake la kwanza: "Kaka, nikinunua ya kulipia si itakuwa nyepesi?"

Hapana. Hela inakununulia vitu vingine, haikuongezei RAM. Premiere Pro unalipia kila mwezi na yenyewe inataka RAM 8 kwa uchache. DaVinci Resolve ya bure ni nzuri sana ila wenyewe wanashauri RAM 16 na inategemea kadi ya grafiki, kwa hiyo kwa mashine hii isahau. Filmora ya bure inakupigia wotamaki ukieksipoti. Na zile za kukraki usiziguse, utaondoka na virusi. Mimi nampa kila mtu Shotcut, ya bure, haina wotamaki, na proksi, yaani nakala ndogo nyepesi za klipu unazoeditia badala ya zile halisi, zimo humo humo. Kdenlive nayo inafaa, mimi tu nimeizoea hii.

1. Pakua, installi, chomeka chaja (laptopu ikiwa kwenye betri inajipunguzia spidi).

2. Nenda Settings > Preview Scaling chagua 360p. Fanya hivi kabla ya proksi kwa sababu saizi ya proksi inafuata hapo.

3. Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima mwaka jana, soma taratibu. Ukiingiza klipu ya simu, Shotcut inaweza kukuletea kiboksi kinasema faili ni "variable frame rate" na kinauliza kama ikugeuzie. Mimi nilikifunga bila kusoma. Simu haishiki fremu 30 sawasawa kila sekunde, ukumbi ukiwa na giza inashusha, kukiwa na mwanga inapandisha, sasa softwea inayohesabu fremu kwa mpangilio inajikuta imepotea. Dalili yake: mwanzo wa klipu midomo na sauti viko sawa, ila klipu ndefu ya hotuba ukifika dakika ya 10 MC anaongea mdomo umefungwa. Nikadhani ni proksi, nikazifuta, nikatengeneza upya, nikazifuta tena, kumbe proksi haina kosa, tatizo liko kwenye faili lenyewe, na proksi iliyotokana na faili bovu inarithi ubovu ule ule.

Kwa hiyo kubali kugeuza, KABLA hujaweka kitu kwenye taimulaini. Kuna Good, Better na Best. Nami kwa tamaa nikachagua Best, hadi diski ikajaa kabla klipu hazijafika nusu. Best haipotezi chochote kwenye picha ndiyo maana mafaili yanakuwa makubwa mno, na Better nayo inaweza kula zaidi ya giga moja kwa dakika moja. Vidio ya simu weka Good, inatosha kabisa. Binamu tuliacha inageuza tukaenda kula.

Kama bado hujarekodi, simu iweke irekodi kwa fomati ya H.264 badala ya HEVC, maana chipu ya kizazi cha 4 haina sehemu yake ya kufungua HEVC, prosesa inabeba mzigo wote peke yake.

4. Settings > Proxy > Use Proxy (au F4). Ikiuliza kama itengeneze proksi zinazokosekana, kubali. Angalia paneli ya Jobs, subiri zote ziishe, usianze kuediti huku inatengeneza halafu ulalamike inakwama. Proksi ni nakala ndogo tu: fremu ya 360p ina pikseli mara 9 chache kuliko ya 1080p, ndiyo maana hata mashine choka inazimudu. Ukitaka kujua zinafanya kazi, bonyeza F4 kuzima, plei, halafu washa tena. Utaiona tofauti mwenyewe.

5. Editi. Picha itaonekana ya ukungu, usihangaike. Ila kama unarekebisha rangi au unataka kujua sura imekaa kwenye fokasi, zima proksi kidogo uangalie ya kweli. Na usihamishe wala kubadilisha majina ya mafaili halisi.

6. Eksipoti. Shotcut inarudi yenyewe kwenye mafaili halisi, hakikisha tu kwenye Advanced hujatiki "Use preview scaling", la sivyo utatoa sendofu ya ukungu. Proksi hazisaidii spidi ya hapa. Ya binamu tuliiacha ikaeksipoti usiku kucha, asubuhi ndiyo tukaikuta imemaliza.