Kutengeneza upya namba za akiba za akaunti ya Google

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kumsaidia shemeji yangu, ambaye laini yake ya simu ilikuwa imefungwa na akashindwa kuingia kwenye barua pepe yake. Alikuwa na karatasi yenye namba kumi za akiba, yaani zile za kuthibitisha kuwa ni wewe, baada ya nywila, pale simu isipopatikana; zote hazijatumika hata mara moja, na kila aliyoijaribu ilikataliwa. Sababu imeelezwa katika hatua ya tatu, nayo ndiyo inayohitaji umakini kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Fungua ukurasa wenyewe. Ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, nenda `myaccount.google.com`, chagua `Security`, kisha `2-Step Verification`, kisha `Backup codes`. Utaombwa nywila tena.

Hatua ya 2: Angalia zimebaki ngapi. Google hutoa namba kumi kwa mkupuo, kila moja ikiwa na tarakimu nane, na kila moja hutumika mara moja tu. Wanaozimaliza haraka mara nyingi ni wale wanaofuta historia ya kivinjari kila wanapomaliza kazi, au wanaoingilia kwenye kompyuta za watu, kwa kuwa kila kifaa kisichotambulika hudai uthibitisho upya. Ushauri wangu ni kutengeneza nyingine zinapobaki tatu, usisubiri ya mwisho. Ukishaingia kwa namba ya mwisho, huenda mfumo ukakutaka uthibitishe tena kabla ya kukufungulia ukurasa huu wa usalama, na hapo hutakuwa na cha kuuthibitishia.

Hatua ya 3: Tengeneza mkupuo mpya, kisha uiue karatasi ya zamani kwa mkono wako. Ukibonyeza alama ya kutengeneza namba mpya na kukubali, namba zote za zamani hufa papo hapo, zikiwemo zile ambazo hukuwahi kuzitumia. Karatasi iliyoko kabatini haina habari hiyo. Itaendelea kuonekana nzima hadi siku ya shida. Hilo ndilo lililompata shemeji yangu: aliwahi kuufungua ukurasa huu kwa nia ya kuzitazama tu, akabonyeza alama ile, akapakua faili, kisha akasahau. Dalili ya tatizo hili ni kwamba namba hukataliwa zote, hata ukiziandika kwa usahihi kabisa, ilhali nywila inakubaliwa. Ikikukuta hali hiyo, usiendelee kubahatisha. Tafuta kwenye folda ya `Downloads` ya kila kompyuta uliyowahi kutumia faili ambalo jina lake huanza na `Backup-codes`. La kwake tulilikuta kwenye kompyuta yake ya zamani, na namba ya kwanza iliyomo ikamwingiza. Ndani ya faili huwa kuna tarehe ambayo namba zilitengenezwa, kwa hiyo ukikuta mafaili mawili, chukua lenye tarehe ya karibuni. Kwa sababu hiyo hiyo, andika tarehe juu ya kila karatasi, na uichane ya zamani kabla hujanyanyuka kwenye kiti.

Hatua ya 4: Zihifadhi nje ya akaunti inayolindwa. Mimi huziandika kwa kalamu kwenye karatasi ya kawaida, nakala mbili: moja hukaa nyumbani pamoja na vyeti, nyingine kwa ndugu ninayemwamini. Siungi mkono kuzichapisha kwenye duka la stesheneri, kwa kuwa faili hubaki kwenye kompyuta ya pale, tena likiwa na anwani yako ya barua pepe. Kwenye karatasi ya mkono unaweza kutoiandika anwani hiyo, na nywila isiandikwe hapo kamwe. Kuzipiga picha ni kosa la aina nyingine: picha hupanda Google Photos, yaani ndani ya akaunti ile ile utakayokuwa umefungiwa nje, na simu ikiibwa zinaondoka pamoja nayo. Programu ya kutunzia nywila kama KeePassXC inafaa, mradi namba hizi zisikae kwenye faili moja na nywila ya akaunti hiyo, kwani mwenye kulifungua faili hilo atakuwa amevuka hatua zote mbili kwa mpigo.

Hatua ya 5: Jaribu moja. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, weka nywila, chagua `Try another way`, kisha chaguo la namba ya akiba, na uisome kutoka kwenye karatasi, si kwenye skrini, maana 1 na 7 za mwandiko wa haraka hufanana. Ikikubali, ikate kwenye nakala zote mbili. Zilizobaki ni tisa.