Bodaboda isihesabiwe kuwa msumeno
Modeli ndogo ya kompyuta ya kutambua mlio wa msumeno wa mnyororo ikifika msituni, hudanganywa kwanza na bodaboda na nyenze. Rekodi eneo hilohilo usiku na mchana, kata vipande vya sekunde 3 vyenye sauti hizo, kisha vitie kwenye mafunzo kama "si msumeno". Halafu usitume tahadhari kwa kipande kimoja. Subiri modeli ikubali kuwa ni msumeno katika vipande 4 kati ya 5 vinavyofuatana. Pikipiki hupita ikafifia, ila msumeno hubaki palepale, mlio ukishuka kila unapouma gogo. Kusubiri huko kunaokoa betri pia: modemu ya GSM inaporusha ujumbe huvuta hadi ampea 2 kwa mpigo, na sola chini ya miti huchaji kidogo.